Mbofyo Mmoja, Askari Ishirini

Mwaka 1992 kampuni ya Westwood ilitoa gemu iitwayo Dune II, na kupitia gemu hiyo watu wengi walionja kwa mara ya kwanza vita vya kompyuta visivyosubiri zamu. Unajenga kambi jangwani, unaunda vifaru, unavituma kwa adui, na adui naye hakai akikungoja. Kazi ilikuwa kwenye kuvituma. Unabofya kifaru kimoja, unabofya neno Move pembeni mwa skrini, unabofya mahali pa kwenda. Kisha unarudi kwa cha pili na kuanza upya. Vifaru kumi vilitaka mibofyo thelathini, na ulipomaliza cha kumi, cha kwanza kilikuwa kimeshafika peke yake na kuteketezwa.

Miaka miwili baadaye Blizzard walitoa Warcraft. Patrick Wyatt, aliyekuwa kinara wa uandishi wa programu yake, alieleza baadaye kwamba alipata wazo kwenye programu za kuchora: unabonyeza kipanya, unaburuta mstatili juu ya skrini, na kila kilichomo ndani kinachaguliwa. Mwanzoni hakuweka kikomo. Alichagua askari mia kwa mara moja na kuwatuma huku na huko, na papo hapo udhaifu wa sehemu ya programu inayotafuta njia ukaonekana. Baada ya mabishano mengi, timu iliamua mchezaji achague wanne tu kwa mkupuo, ili alazimike kufikiri anawaweka wapi badala ya kukusanya kundi na kulimwaga. Warcraft II ya 1995 ikaruhusu tisa, StarCraft ya 1998 ikaruhusu kumi na wawili. Command & Conquer ya Westwood, iliyotoka 1995, haikuweka kikomo chochote.

Mabishano yale hayakuhusu idadi peke yake. Mtu akizungushia askari ishirini boksi kisha akabofya ng'ambo ya mto, kompyuta inapaswa kuamua jambo ambalo mchezaji hakulisema: je, hawa ni kikosi kimoja, au ni watu ishirini waliotokea kusimama pamoja? Boksi, foleni ya amri na mpangilio wa safu ni vifaa vitatu vinavyojibu swali hilo, na havijibu namna moja. Gemu nyingi zinazokera mikononi zinakera kwa sababu vifaa hivi vinapingana, na mchezaji hajui ugomvi uko wapi.

Tuanze na boksi, kwa sababu linaonekana kama kitu cha mtoto. Mchezaji anabonyeza kitufe cha kushoto na programu inaweka kumbukumbu ya pointi hiyo. Anaburuta, na pointi ya pili inafuata kishale. Akiachia, pointi hizo mbili ni pembe mbili za mstatili. Lakini hakuna sheria inayomlazimisha kuburuta kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Wengine huanzia chini, wengine kulia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya programu ni kuzipanga pembe upya:

```
kushoto = min(x1, x2)
kulia   = max(x1, x2)
juu     = min(y1, y2)
chini   = max(y1, y2)
```

Mistari hii ikisahaulika, boksi linafanya kazi kwa upande mmoja tu, na mchezaji anayeburuta kwenda juu anaona mstatili umechorwa vizuri huku hakuna hata askari mmoja aliyechaguliwa.

Jambo la pili ni mkono wa binadamu. Hakuna anayebofya bila kipanya kutikisika kidogo. Kama kila mtikisiko unahesabiwa kuwa mburuto, mtu anayekusudia kumgusa askari mmoja anachora boksi la pikseli mbili ambalo halina mtu ndani, na uteuzi wake wote unafutika. Ndiyo maana programu husubiri kishale kisogee pikseli chache, nne au tano hivi, kabla ya kukubali kwamba hili ni boksi. Chini ya hapo, ni mbofyo wa kawaida.

Shida kubwa zaidi imejificha kwenye kamera. Katika gemu za zamani ardhi ilikuwa picha bapa, hivyo mstatili wa skrini ulikuwa mstatili wa ardhini pia. Siku hizi kamera inatazama kwa mshazari, na unaweza kuizungusha. Mstatili ulionyooka kwenye skrini ukiushusha ardhini unakuwa umbo lenye upande mmoja mpana na mwingine mwembamba: mbali unameza eneo kubwa, karibu unameza dogo. Mwandishi wa programu asiye mzoefu huzichukua zile pembe mbili, huzitafutia mahali pake ardhini, kisha huchora mstatili mpya kati yake. Kamera ikiwa imetulia, kosa hilo halionekani sana. Izungushe kidogo tu, na askari waliosimama nje kabisa ya boksi wanachaguliwa, huku waliomo ndani wakiachwa. Dawa ni kugeuza kazi: acha boksi libaki kwenye skrini, mchukue kila askari, tafuta anaonekana kwenye pikseli gani, kisha uulize kama pikseli hiyo imo ndani. Hata kwa askari elfu moja, hesabu hiyo kompyuta inaimaliza kufumba na kufumbua.

Halafu kuna suala la nani astahili kuchaguliwa. Boksi linalopita juu ya kijiji linawakuta wapiganaji, wakulima, nyumba na kambi. Karibu gemu zote hukubaliana kwamba kukiwa na mtu hata mmoja, majengo yanaachwa, kwa sababu huwezi kuiamuru nyumba itembee. Kuhusu wakulima hakuna makubaliano. Katika 0 A.D., gemu ya bure inayotengenezwa na kundi la wanaojitolea liitwalo Wildfire Games, ukishika Alt unapoburuta, boksi linachukua wapiganaji tu. Mimi nauona huo kuwa uamuzi sahihi: kifaa hakijifanyi kujua ulichokusudia, kinakupa njia ya kukitamka.

Boksi, basi, linajibu swali letu kwa kusema "watu ishirini". Linatoa orodha ya majina, basi. Halijui kwamba sita wana farasi na wawili wanasukuma mtambo.

Orodha hiyo ikishapatikana, inafuata amri. Kila askari ndani ya gemu hubeba foleni yake mwenyewe. Amri iliyo mbele ndiyo anayoitekeleza. Ikiisha anaitoa na kuchukua inayofuata. Ukibofya kwa kawaida, foleni inafutwa na amri mpya inakaa peke yake. Ukibofya huku umeshika Shift, amri mpya inakwenda nyuma ya zilizopo. Kwa maneno ya programu ni haya tu:

```
function toaAmri(askari, amri, shift) {
  if (!shift) askari.foleni = [];
  askari.foleni.push(amri);
}
```

Gemu ya Total Annihilation ya mwaka 1997 ilionyesha kifaa hiki kinaweza kufika wapi. Ungeweza kumpa fundi mmoja orodha ndefu: jenga hiki, kisha kile, kisha nenda kule ukakarabati. Ukamwacha na orodha yake na kugeukia vita upande mwingine wa ramani.

Ugumu wa foleni ni kujua amri imeisha lini. "Nenda pale" huisha ukifika. "Mshambulie yule" huisha akifa, lakini je, akifa kabla hujamfikia? Akitoroka gizani usikoona? Akiingia ndani ya ngome? Kila moja ya hali hizi lazima iandikwe, na ikisahaulika dalili yake ni moja: askari anasimama kama sanamu katikati ya uwanja, foleni yake imejaa, lakini anasubiri kumpiga mtu ambaye hayupo tena. Zipo pia amri zisizo na mwisho. "Kata miti" haiishi mpaka miti iishe, kwa hiyo chochote ulichopanga nyuma yake hakitafikiwa kwa muda mrefu. "Piga doria" ni ya namna yake: ikikamilika inajirudisha yenyewe nyuma ya foleni, na hivyo askari anazunguka pointi zake mpaka umsimamishe.

Lakini ugomvi wenyewe unaanza pale foleni inapokutana na kundi. Chukua mfano wa Age of Empires II, gemu ya studio ya Ensemble iliyotoka 1999 na ambayo bado inachezwa sana. Ardhi yake imegawanywa kwa miraba, na mwendo wa kila askari unajulikana. Mpanda farasi mwenye deraya, Knight, huenda miraba 1.35 kwa sekunde ya mchezo. Mpiga mishale huenda 0.96. Mtambo wa kurusha mawe, ule unaoandikwa Mangonel kwenye skrini, hujikokota kwa 0.6. Tuseme una farasi sita, wapiga mishale kumi na wawili na mitambo miwili. Unawazungushia boksi, unashika Shift, unabofya kivuko kilicho miraba thelathini mbele, kisha unabofya kambi ya adui iliyo miraba thelathini mingine baada ya kivuko.

Kama kila mmoja anafuata foleni yake mwenyewe, farasi wanafika kivukoni baada ya sekunde 22. Hawana sababu ya kungoja. Amri ya kwanza imeisha, wanachukua ya pili. Wanafika kwa adui kwenye sekunde ya 44. Wakati huo wapiga mishale ndiyo kwanza wameshavuka kivuko, wana miraba kumi na minane ya kutembea. Mitambo bado haijafika hata kivukoni. Itafika kwenye sekunde ya 50. Kwa hiyo farasi sita wanapigana peke yao kwa sekunde kumi na nane kabla mshale wa kwanza haujawasaidia, na mawe yatakuja kwenye sekunde ya 100, wakati ambao huenda hakuna wa kusaidiwa. Kila askari ametii amri neno kwa neno. Jeshi limeshindwa.

Hapo ndipo mpangilio unapoingia. Katika Age of Empires II, kundi linalotembea kwa safu linatumia mwendo wa mzito kuliko wote. Ishirini wote wanakwenda 0.6, wote wanafika kwenye sekunde ya 100. Ni polepole, lakini ni jeshi. Na hawaendi ovyo: waliovaa deraya mbele, wapiga mishale nyuma yao, mitambo mwishoni.

Ili kulifanya hilo, programu inahitaji kitu ambacho hakikuwepo kwenye boksi wala kwenye foleni za watu binafsi, yaani mtu wa ishirini na moja. Ndani ya 0 A.D. yupo kabisa: kikosi kikijipanga, gemu huunda kiongozi asiyeonekana, asiye na mwili wala silaha. Kiongozi huyo ndiye anayepokea foleni. Yeye ndiye anayetafuta njia na kuifuata. Askari wa kweli hawana tena safari yao. Kila mmoja amepewa nafasi fulani kulinganisha na kiongozi, hatua mbili kulia na moja nyuma, kwa mfano, na kazi yake ni kuikimbilia nafasi hiyo inaposogea. Foleni ishirini zimekuwa moja, na kivuko kinavukwa kikiwa kivuko cha kikosi.

Ubunifu huu ni mzuri, lakini unaleta maswali ambayo watengenezaji wa gemu wameyashughulikia kwa miaka mingi. Dave Pottinger wa Ensemble aliandika juu yake mapema mwaka 1999, na matatizo aliyoyashughulikia bado yako hai.

La kwanza ni nani apewe nafasi ipi. Njia ya haraka ni kufuata orodha: wa kwanza kuchaguliwa anapata nafasi ya kwanza, wa pili ya pili. Matokeo yake ni fujo. Askari aliyesimama kulia kabisa anaweza kupewa nafasi ya kushoto kabisa, na mwenzake wa kushoto akapewa ya kulia, wakakatizana, wakagongana, na wale wa katikati wakakwama baina yao. Njia bora ni kuwapanga kwanza kwa mahali waliposimama. Chora kiakili mstari unaokata mwelekeo wa safari, tazama kila askari anaangukia wapi kwenye mstari huo, kisha mwenye kuangukia kushoto apate nafasi ya kushoto, na kuendelea hivyo mpaka kulia. Kuna hesabu kali zaidi zinazotafuta mgawanyo wenye jumla ndogo kabisa ya mwendo, ila kwa askari wengi zinakula muda, na kwa jicho la mchezaji tofauti ni ndogo.

La pili ni kugeuka. Aliyewahi kutazama gwaride anajua kona inavyopigwa: aliye ndani anapiga hatua palepale, aliye nje anatanua hatua. Safu ya watu kumi waliosimama mraba mmoja mmoja ikigeuka robo ya duara kwa kumzunguka mtu wa mwisho wa ndani, yule wa nje lazima atembee miraba kama kumi na minne, wakati wa ndani hajasogea. Kama wote wana mwendo uleule, safu inapinda kama mundu, na kiongozi asiyeonekana anapaswa kupunguza kasi mpaka wa nje wafike. Ukiwaamuru warudi nyuma moja kwa moja, hali inakuwa mbaya zaidi: kuzungusha safu nzima nusu duara maana yake bawa la kulia likimbilie kushoto na la kushoto likimbilie kulia. Mara nyingi ni heri kuwageuza tu walipo, kila mmoja atazame nyuma, na safu ya mwisho iwe ya kwanza. Lakini hapo wapiga mishale wamekuwa mbele ya waliovaa deraya. Hakuna jibu lisilo na gharama, na nadhani mchezaji anastahili kujua gemu yake imechagua gharama ipi.

La tatu ni mwendo wenyewe. Nimesema kikosi kinakwenda kwa mwendo wa mzito kuliko wote. Sasa mfikirie huyo mzito. Akijikwaa kwenye mti na kubaki nyuma mraba mmoja, nafasi yake inaendelea kwenda mbele kwa kasi ileile aliyo nayo yeye. Hataifikia kamwe. Kwenye skrini unaona mtambo mmoja ukijikokota nyuma ya jeshi lililopangika vizuri, umbali uleule, ramani nzima. Kwa hiyo kiongozi lazima aende polepole kidogo kuliko mzito, au asimame anapoona nafasi zimeachwa wazi, au wanaochelewa waruhusiwe kukimbia kupita kawaida yao mpaka wafike.

La nne ndilo linalowaudhi wachezaji kuliko yote, nalo ni mahali pembamba. Kiongozi asiyeonekana anatafuta njia kana kwamba ni mtu mmoja. Mtu mmoja anapita darajani bila shida. Lakini safu yenye upana wa watu kumi ikipita daraja la watu watatu, nafasi saba zinaangukia mtoni. Askari anayeambiwa nafasi yake iko ndani ya maji anaganda ukingoni. Kuna baya zaidi: kona ya mto ikiiweka nafasi ya askari kwenye ukingo wa pili, programu yake ya kutafuta njia inafanya kazi yake kwa uaminifu na kumpeleka kule kwa daraja jingine, upande wa pili wa ramani, katikati ya adui. Ukimwona askari mmoja anajitenga na jeshi bila sababu na kwenda zake mbali, mara nyingi ndicho kilichotokea. Tiba ni kuikagua kila nafasi kabla ya kumpa mtu: je, kutoka alipo kiongozi mpaka pale kuna njia fupi ya moja kwa moja? Kama hakuna, nafasi ivutwe karibu na kiongozi mpaka ipatikane ardhi kavu. Gemu nyingine hubadilisha umbo lote, safu pana inakuwa mstari mrefu wa watu wawili wawili au watatu watatu mpaka daraja lipite, kisha inafunguka upya.

Katika haya yote kuna sharti moja ambalo mchezaji halioni. Gemu hizi zikichezwa kwa mtandao, kwa kawaida kompyuta hazitumiani mahali alipo kila askari. Mark Terrano na Paul Bettner, walioshughulikia mtandao wa Age of Empires ya kwanza, walieleza mwaka 2001 kwa nini: simu za modemu za wakati ule zilikuwa nyembamba mno kubeba habari za askari elfu na zaidi. Walituma amri tu. "Hawa ishirini, waende pale, kwa mstari." Kila kompyuta inafanya hesabu zake yenyewe, na zote lazima zifikie jibu lilelile. Muda uligawanywa vipande vya kama sehemu ya tano ya sekunde, na amri iliyotolewa sasa ilitekelezwa vipande viwili baadaye, ili kila kompyuta iwe imeipokea.

Sasa turudi kwenye ugawaji wa nafasi. Askari wawili wakiwa umbali sawasawa kabisa kutoka kwenye nafasi moja, nani aipate? Kama kompyuta yako inasema Juma na yangu inasema Hamisi, dunia zetu mbili zimeachana. Hatua chache baadaye Juma wako amekufa na wangu yuko hai, na gemu inasimama na kusema wachezaji hawalingani tena. Ndiyo maana kila sare lazima ikatwe kwa kitu kisichobadilika, kwa kawaida namba aliyopewa askari alipozaliwa. Na ndiyo maana 0 A.D. haitumii namba za desimali za kawaida za kompyuta kwa mahali na mwendo. Inatumia namba zenye idadi maalumu ya tarakimu baada ya nukta, kwa sababu zile za kawaida zinaweza kutofautiana kidogo sana kati ya mashine na mashine, na kidogo hicho kinatosha kuvunja kila kitu.

Mpangilio ukifanya kazi, unakuwa silaha yenyewe, si njia ya kutembea tu. Age of Empires II ina maumbo manne: mstari, boksi linalowaficha dhaifu katikati, mtawanyiko unaowaachanisha, na mbavu mbili ambapo kundi linagawanyika pande mbili. Wachezaji wazoefu waligundua matumizi ya hilo la mwisho. Jiwe la mtambo wa adui linalenga mahali ulipokuwa wakati linarushwa, na linakaa hewani kwa muda. Ukiliona linaruka, unabadilisha umbo la wapiga mishale wako kuwa mbavu mbili. Nusu inakwenda kushoto, nusu kulia, katikati panabaki pa wazi, na jiwe linaangukia mchangani. Mchezaji wa upande wa pili naye hajalala: anaacha kuwalenga askari, anaamuru mtambo upige ardhi pembeni, pale anapokadiria nusu moja itakimbilia.

Lakini wachezaji haohao ndio wanaolalamika kwamba safu inawaua. Wapiga mishale wako chini ya mashambulizi, unawaamuru warudi nyuma miraba mitatu, na badala ya kukimbia wanaanza kupangana upya, wa mbele akitafuta nafasi yake ya nyuma, wakizungukana huku mishale inawamwagikia. Kila sekunde wanayopangana ni sekunde ambayo hawapigi. Katika masafa mafupi mtu hataki kikosi, anataka watu ishirini wanaokimbia.

StarCraft ilichukua njia yake. Haina safu zenye majina. Kundi likiwa limekaribiana vya kutosha, ukibofya mbali nalo kila askari anahifadhi umbali wake na wenzake na wote wanasogea kama picha iliyohamishwa. Ukibofya katikati ya kundi lenyewe, wote wanakusanyika pale. Umbali wa mbofyo wako ndio unaosema unataka nini. Wachezaji wengi hawakufundishwa hilo na mtu, mikono yao ililijua kabla ya vichwa.

Watengenezaji wa 0 A.D. wamelijibu swali kwa uwazi zaidi. Kwenye chaguo za gemu kuna mpangilio mmoja unaofanya safu zitumike kwa kutembea na kupiga doria tu. Askari wanajipanga wanaposafiri, na wakipewa kazi nyingine, kupigana au kuvuna, kiongozi asiyeonekana anaondoka na kila mmoja anaishika foleni yake.

Gemu hiyo inapakuliwa bila malipo, na miongoni mwa mataifa unayoweza kucheza humo wamo Wakushi wa bonde la Nile, katika nchi ambayo leo ni Sudan. Ukiipata, chukua askari wa miguu kumi na farasi watano, wapeleke karibu na msitu. Ondoa safu, shika Shift, bofya kwa kitufe cha kulia pointi tatu zinazouzunguka msitu, na tazama ni nani anayefika pointi ya tatu wakati wa mwisho bado yuko ya kwanza. Kisha wape safu ya mstari, rudia pointi zilezile, na safari hii usiwatazame wa mbele. Mtazame yule wa nje kabisa kwenye kona ya pili, uone kama anakimbia, au kama wenzake wote wanapunguza mwendo kumngoja.